Nairobi ina viwanja viwili: namna ya kujua ndege yako iko Jomo Kenyatta au Wilson, na kuvuka kati yao bila kuachwa

Mjomba wangu alipokuwa anarudi Lamu baada ya wiki mbili kwangu Nairobi, alipanda teksi akasema neno moja tu: "Uwanja wa ndege." Dereva akampeleka uwanja wa ndege. Wakafika langoni Jomo Kenyatta, mjomba akashuka na kikapu chake, askari akaitazama tikiti, akatabasamu kidogo kwa huruma na kumwambia, "Mzee, wewe ni wa Wilson." Alipofika Wilson kaunta ilikuwa imefungwa dakika kumi zilizopita, na ndege bado inaonekana pale nje, imesimama.

Dereva hakukosa. Katika Nairobi, ukisema uwanja wa ndege bila kuongeza neno, umesema Jomo Kenyatta. Wilson husemwa kwa jina. Na mjomba hakukosa sana pia, maana tikiti yake iliandikwa "Nairobi" kwa herufi kubwa, na neno "Wilson" lilijificha chini yake kwa herufi ndogo.

Viwanja vyenyewe

Jomo Kenyatta uko Embakasi, upande wa mashariki wa jiji, nje kidogo ya Barabara ya Mombasa. Ulifunguliwa mwaka 1958 na ukapewa jina la rais wa kwanza mwaka 1978. Njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, kwa hiyo ndege yoyote kubwa inayotoka Dubai, Amsterdam, London au Johannesburg itatua hapo, haina pengine pa kwenda. Herufi zake tatu kwenye tikiti ni NBO.

Wilson uko kando ya Barabara ya Lang'ata, kama kilomita tano tu kutoka katikati ya jiji, ukipakana na mbuga ya wanyama ya Nairobi. Ni mkongwe kuliko mwenzake: ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na jina lake linatokana na Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege hapo mwaka 1929. Njia yake ni kama kilomita moja na nusu, na jiji lenyewe liko juu sana, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na bawa la ndege halipati nguvu kama linavyopata pwani. Ndiyo maana Wilson utaona ndege za mapangaboi, kuanzia zile za abiria kumi na kitu hadi zile za watu hamsini hivi, na ndiyo maana watu wa Wilson wana wivu na kilo za mzigo wako. Herufi zake ni WIL.

Kati ya viwili hivi kuna kilomita kama kumi na tano hadi kumi na nane, kutegemea njia. Si mbali. Lakini hakuna basi la viwanja linalowaunganisha, na hakuna mlango wa ndani wa kupitia. Kutoka kimoja kwenda kingine ni safari ya mjini kama nyingine yoyote.

Hatua ya kwanza: soma herufi, usisome jina la mji

Watu wengi hubahatisha uwanja kwa kuangalia wanakokwenda. "Mara ni Wilson, Mombasa ni Jomo Kenyatta." Kwa Maasai Mara utapatia karibu kila mara, kwa sababu viwanja vya vumbi vya mbugani vinafikiwa na ndege ndogo za Wilson. Kwa pwani na magharibi utapotea. Lamu inafikiwa kutoka Jomo Kenyatta kwa Jambojet na kutoka Wilson kwa Safarilink. Ukunda, yaani Diani, ni hivyo hivyo. Kisumu pia: ndege zinatoka pande zote mbili, na huenda zikaruka saa ile ile.

Jina la kampuni linasaidia zaidi. Kenya Airways, ambayo namba zake huanza na KQ, na Jambojet, ambayo huanza na JM, ziko Jomo Kenyatta. Safarilink, yenye F2, na AirKenya, yenye P2, maskani yao ni Wilson. Lakini hata hili usilifanye msahafu. Skyward imekuwa ikiuza safari za viwanja vyote viwili, na ratiba hubadilika msimu kwa msimu. Kampuni ni dalili. Ushahidi ni herufi tatu zilizo kwenye tikiti yako wewe, ya siku yako wewe.

Hapa pana mtego mmoja ambao hata mawakala hunaswa nao. NBO ni herufi za Jomo Kenyatta, lakini pia hutumika kama alama ya jiji zima la Nairobi. Ukiandika "Nairobi" kwenye tovuti ya kutafuta tikiti, inaweza kukuletea ndege za viwanja vyote kwa pamoja, na kichwa cha ukurasa kikasema NBO. Usitosheke na kichwa. Fungua maelezo ya kila safari mpaka uone uwanja wa kuondokea na wa kutua umeandikwa kwa jina: "Jomo Kenyatta International" au "Wilson". Ukiwa na safari mbili zinazofuatana, weka kidole kwenye herufi za uwanja unaotua kwa ndege ya kwanza, na kidole kingine kwenye herufi za uwanja unaoondokea kwa ndege ya pili. Zikiwa NBO na NBO, umepona. Zikiwa NBO na WIL, endelea kusoma. Tovuti nyingine huonya kwa maneno "Change of airport" au "Self transfer", mara nyingi kwa rangi hafifu katikati ya mambo mengine, na maana yake ni kwamba kuvuka ni shauri lako.

Tikiti ya karatasi au ya simu isipotaja uwanja, na zipo za namna hiyo, hasa ukikatiwa na mtu, piga simu kampuni itakayokurusha, si aliyekuuzia, uulize swali moja: "Ndege namba fulani, tarehe fulani, inaondoka Wilson au Jomo Kenyatta?" Wakutajie kwa mdomo, na ukiweza wakuandikie ujumbe.

Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kwa jua, angalia na hili. Tikiti hutumia saa ishirini na nne: 13:30 ni saa saba na nusu mchana, na 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Nimeona mtu akisoma 07:30 na kujiandaa kwa saa saba na nusu mchana. Hiyo haikuwa habari ya viwanja viwili, lakini ilimalizikia pale pale: kaunta imefungwa.

Hatua ya pili: jiulize kama kuna haja ya kuvuka

Kabla ya kulipa, hapa ndipo pana fedha na amani ya moyo. Kama unatua Jomo Kenyatta kutoka nje na unakwenda Lamu, Ukunda, Kisumu au Eldoret, tafuta kwanza ndege inayoondoka Jomo Kenyatta hapo hapo. Hata ikiwa ghali kidogo, ongeza kwenye bei ya ile ya Wilson gharama ya gari, na saa moja ya barabara, na wasiwasi, kisha ulinganishe. Majengo ya abiria 1A, ambako KQ hutua kutoka nje, na 1D, ambako safari za ndani huondokea, yako karibu kiasi cha kutembea kwa miguu ukivuta begi.

Kuvuka kwenda Wilson kuna maana katika hali mbili. Ya kwanza ni pale unapokwenda mahali ambako ndege za Jomo Kenyatta hazifiki, kama viwanja vya Mara, Samburu au Amboseli. Ya pili ni pale saa ya ndege ya Jomo Kenyatta ingekulazimisha kulala Nairobi, na ya Wilson ikakufikisha siku hiyo hiyo.

Angalia pia kama una tikiti moja au mbili. Tafuta ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita. Ikiwa safari zote mbili ziko chini ya namba moja, aliyekuuzia anajua unaunganisha, na ya kwanza ikichelewa wana wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Zikiwa namba mbili, hata kama wakala amezichapa kwenye karatasi moja nzuri, hizo ni tikiti mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili itaruka na kiti chako kitupu na haitakuwa na kosa lolote. Kati ya Jomo Kenyatta na Wilson, mara nyingi sana utajikuta na namba mbili.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya muda kwa mfano wa shangazi

Tuseme shangazi anatoka Dar es Salaam kwenda harusini Lamu. Amepata ndege inayotua Jomo Kenyatta saa nne kamili asubuhi, tikiti imeandika 10:00. Ndege ya Lamu inaondoka Wilson 13:30, saa saba na nusu. Kwa macho anaona saa tatu na nusu katikati na anasema muda upo tele, atapita hata dukani. Hebu tuuhesabu huo muda.

Saa nne ni saa ya ndege kufika, si yako kutoka. Mlango wa ndege unafunguliwa saa nne na robo hivi, kama hakuna foleni ya kuegesha. Kutembea mpaka uhamiaji, kusimama kwenye mstari na kugongewa muhuri, weka dakika arobaini. Ukikuta ndege kubwa mbili zimetua pamoja, weka saa nzima. Tuseme amepita saa tano kasoro dakika tano. Mzigo wake umeingia kwenye mkanda au unaingia, dakika ishirini. Forodha, dakika tano kama hawakumwita kufungua. Sasa ni saa tano na dakika ishirini na yuko nje. Kutoa pesa, kununua laini ya simu au kuunganisha intaneti, kupata gari, dakika ishirini nyingine. Gari linaondoka saa sita kasoro dakika ishirini.

Barabarani, mchana wa siku ya kazi usio na mvua, mimi huweka dakika arobaini na tano ingawa mara nyingi huchukua nusu saa. Anafika mlango wa kampuni Wilson saa sita na dakika ishirini na tano. Kaunta za safari za ndani kwa kawaida hufungwa nusu saa kabla ya kuruka, yaani saa saba kamili. Amebakiwa na dakika thelathini na tano.

Zile saa tatu na nusu zimeyeyuka mpaka nusu saa, na hakuna chochote kilichoharibika. Ndege ya Dar ikichelewa saa moja, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote, shangazi ameachwa. Angalia pia muda ulikokwenda: barabara, ambayo ndiyo kila mtu huiogopa, ilikula dakika arobaini na tano tu. Karibu saa mbili ziliishia ndani ya Jomo Kenyatta kwenyewe.

Kwa hiyo mimi huwaambia watu wangu: kutoka kutua Jomo Kenyatta kwa ndege ya nje mpaka kuruka Wilson, usikubali chini ya saa nne na nusu, na ukiwa na tikiti mbili tofauti, tano. Ukitua Jomo Kenyatta kwa ndege ya ndani, tuseme kutoka Mombasa, hakuna uhamiaji wala forodha, saa tatu zinatosha, labda na kidogo juu.

Ukitua jioni, usihesabu kabisa. Viwanja vya mbugani havina taa, na safari za kwenda huko ni za mchana. Hapo unalala Nairobi, na ulale upande wa Wilson, yaani Lang'ata, South C au karibu na Barabara ya Mombasa, si Westlands wala Gigiri. Ndege za Mara huondoka asubuhi, na asubuhi hiyo hutaki kuvuka jiji zima pamoja na watu waendao kazini.

Hatua ya nne: kutoka Jomo Kenyatta

Ukishuka ndege utakuta vibao viwili, "Transfers" na "Arrivals". Moyo utakwambia ufuate "Transfers" kwa kuwa unaunganisha safari. Usifuate. Hicho ni cha wanaobaki ndani ya uwanja huo huo. Wewe unakwenda uwanja mwingine, kwa hiyo kisheria unaingia Kenya: uhamiaji, mzigo, forodha, nje.

Kuna jambo linafuata hapo. Mtu anayebadili ndege bila kutoka Jomo Kenyatta hahitaji ruhusa ya kuingia nchini. Anayevuka kwenda Wilson anaihitaji, hata kama atakuwa mjini kwa saa mbili tu. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha viza na badala yake inatumia kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA, kinachoombwa kwenye etakenya.go.ke. Mtanzania na Mganda hawakihitaji. Lakini ndugu zetu wenye pasipoti za Oman, Uingereza, Kanada na kwingineko waangalie kwenye tovuti hiyo hiyo siku kadhaa kabla ya safari, si siku yenyewe. Nimewahi kumsubiri binamu aliyekata tikiti akidhani anapita tu. Alizuiliwa kaunta ya alikotoka, hata ndege hakuipanda.

Mzigo wako utauchukua mwenyewe. Ulipouweka huko ulikotoka, hata kama mhudumu alikwambia "umeshafika Lamu", soma lebo iliyobandikwa. Herufi za mwisho zikiwa NBO, mzigo unaishia Jomo Kenyatta, nao utazunguka kwenye mkanda ukikusubiri wewe. Anayeuacha akaenda Wilson atalazimika kurudi, na kurudi ni saa mbili.

Kwenye foleni ya uhamiaji, simu ikishashika mtandao, ndio wakati wa kupiga Wilson ukiona umechelewa. Si ukishafika. Kampuni yenye ndege nyingine siku hiyo inaweza kukuhamishia, kwa malipo ya tofauti na kama kiti kipo, ilimradi umewaambia kabla ya kaunta kufungwa. Baada ya hapo wewe ni mtu aliyekosa ndege, na tikiti nyingi za bei nafuu zinakufa hapo.

Hatua ya tano: barabara

Gari ni teksi ya uwanjani au ya programu ya simu: Uber, Bolt, Little na nyinginezo zote zinafika. Kwa teksi ya uwanjani, patana bei kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Mimi hutenga shilingi elfu mbili za Kenya kwa safari hii, mara nyingine chenji hubaki.

Mwambie dereva maneno mawili, Wilson na jina la kampuni yako. Wilson si jengo moja. Kila kampuni ina jengo lake la abiria, na kutoka moja hadi jingine huwezi kukatiza kwa ndani ukivuta masanduku. Kwenye programu ya simu usichague alama ya "Wilson Airport" tu, maana inaweza kukushusha lango lisilo lako. Andika jina la kampuni na uone alama imehamia wapi.

Njia iliyo nzuri siku nyingi ni kutoka uwanjani, kushika Barabara ya Mombasa kuelekea mjini, kisha kuingia Southern Bypass karibu na hoteli ya Ole Sereni. Barabara hiyo inazunguka pembezoni mwa mbuga, upande wa kushoto nyasi na pengine twiga kwa mbali, na kukutoa Lang'ata jirani na Wilson. Njia ya zamani, ya kuendelea mpaka Uwanja wa Nyayo na kukunja Barabara ya Lang'ata, bado ipo, lakini pale Nyayo magari husimama. Madereva wengine hukatiza South C. Mwache akatize kama ni mwenyeji, ila asijifunzie kwako.

Kuna na ile barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Unaweza kuipanda karibu na uwanja na kushuka kwenye tokeo la Southern Bypass. Ushuru wake hulipwa kwa umbali, na ni abiria anayelipa juu ya nauli, kwa hiyo mkubaliane mapema. Je, inafaa? Saa sita mchana haina maana, chini kunapitika. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni, ilipie bila kufikiri mara mbili. Kipande cha Barabara ya Mombasa kinachosumbua ndicho hicho hicho unachokiruka. Mvua ikinyesha, au ikiwa Ijumaa jioni, hata ukiruka juu weka saa moja na nusu, kwa sababu makutano ya kushukia nayo hujaa.

Bodaboda haziruhusiwi barabara ya juu, na ukiwa na sanduku usizifikirie hata za chini. Matatu inawezekana kwa mwenye begi la mgongoni na siku nzima mkononi: basi namba 34 linakupeleka mjini, halafu matatu za Rongai, 125 au 126, zinapita Barabara ya Lang'ata na zitakushusha Wilson ukimwambia kondakta. Nimelifanya mara moja nikiwa mwanafunzi. Ilinichukua saa mbili na robo, na sikuwa na ndege ya kuwahi, nilikuwa nampelekea mtu barua.

Hatua ya sita: Wilson

Ukifika utashangaa udogo wake. Ukaguzi ni mashine moja, kaunta ni mbili tatu, na kutoka kaunta mpaka ndege ni hatua chache kwa miguu juu ya lami. Kwa hiyo foleni si tatizo. Tatizo ni mizani.

Ndege nyingi za mbugani zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mkononi, na zinataka begi laini la kitambaa, si sanduku gumu, kwa kuwa tumbo la ndege ndogo ni jembamba na mzigo husokomezwa. Wewe umetoka kwenye ndege kubwa iliyokupa kilo 23, pengine mara mbili. Tofauti hiyo haifutiki kwa kuomba. Nunua kilo za ziada mapema, au uache sanduku kubwa kwa ndugu Nairobi. Kampuni nyingine hukubali kuhifadhi mzigo mpaka urudi, lakini uliza kabla ya siku ya safari. Safari za pwani kwa ndege kubwa kidogo huwa na nafasi zaidi. Soma kilo zilizoandikwa kwenye tikiti yako.

Wanaokwenda Mara wajue pia kwamba ndege hiyo hutua kama matatu: inashusha kiwanja kimoja, inaruka, inashusha kingine. Kichwa Tembo, Musiara, Ol Kiombo, Keekorok, kila kimoja ni mahali pake. Sikiliza rubani anataja kipi kabla ya kufungua mkanda.

Kurudi: Wilson kwenda Jomo Kenyatta

Shangazi amemaliza harusi na anarudi Dar. Upande huu muda hugeuka: Wilson anatoka ndani ya dakika kumi na tano, lakini Jomo Kenyatta anatakiwa awepo saa tatu kabla ya ndege ya nje. Akitua Wilson saa nne asubuhi, mzigo saa nne na robo, gari na barabara saa moja, anafika lango la Jomo Kenyatta saa tano na robo. Langoni, kabla ya majengo, magari husimama na abiria hushuka kupita ukaguzi kwa miguu, huku dereva akipitisha gari upande wake na kuwachukua mbele. Siku nzuri ni dakika tano, msimu wa likizo ni zaidi ya ishirini. Shangazi ashuke na pochi yake na simu mkononi, amtazame dereva vizuri na akumbuke namba ya gari, maana upande wa pili magari meupe yote yanafanana. Kwa hesabu hiyo ndege ya Dar asiikate ya kabla ya saa tisa alasiri, na tukiongeza kwamba ndege ya kutoka Lamu nayo yaweza kuchelewa, saa kumi na moja ndiyo ningemkatia mimi.

Na amwulize dereva kabla hawajaingia ndani: jengo lipi? KQ ya kwenda nje ni 1A. Kampuni nyingine za nje zimegawanywa kati ya majengo mengine, na jengo namba 2 limejitenga kiasi kwamba ukishushwa lisilo lako utakuwa na mwendo wa kutosha kulowesha kanzu. Herufi hiyo nayo ipo kwenye tikiti, kando ya NBO.